Mifuko Miwili, Jina Moja
Jeshi la Wokovu limepokea pesa za watu wa kila imani kwa zaidi ya miaka 130. Historia yake inaonyesha mchangiaji asiye wa dini yako anataka kuhakikishiwa nini, na wapi hakikisho hilo hushindikana.

Mwishoni mwa 1890 mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley aliombwa ushauri na rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa tayari kutoa pauni 1,000 kwa mradi wa Jenerali William Booth wa Jeshi la Wokovu, lakini hakutaka kutoa kabla ya kusikia Huxley anasemaje. Huxley hakuwa mtu wa kanisa. Alijulikana nchi nzima kwa msimamo wake kwamba binadamu hana njia ya kujua kama Mungu yupo au hayupo. Jibu lake alilitoa hadharani, kwa mfululizo wa barua katika gazeti la Times ulioanza Desemba ya mwaka huo na kuendelea hadi Januari 1891. Ushauri wake ulikuwa mfupi: usitoe.

Ugomvi huo umesahaulika na wengi, lakini mashirika ya hisani ya kidini bado yanaishi ndani yake. Shirika lililozaliwa kanisani au msikitini hufika siku likahitaji pesa kuliko waumini wake wanavyoweza kutoa. Likigeukia kampuni, serikali au jirani wa imani nyingine, linaulizwa kwa maneno tofauti swali lilelile la Huxley: pesa yangu italisha wenye njaa, au itajenga dini yako?

Hofu ya asiyeamini

Booth na mkewe Catherine walianza kuhubiri mashariki mwa London mwaka 1865, na kundi lao likachukua jina la Jeshi la Wokovu mwaka 1878. Lilikuwa kanisa la bendi na ngoma, la maofisa wenye sare na vyeo, na lilidhihakiwa barabarani. Oktoba 1890 Booth alichapisha kitabu kuhusu umaskini wa Uingereza. Alikadiria kwamba watu milioni 3, karibu sehemu moja ya kumi ya wananchi, walikuwa wamezama kabisa. Alitoa kipimo ambacho msomaji yeyote angekielewa bila kufungua Biblia: farasi wa teksi za London akianguka huinuliwa, na maadamu yu hai hupewa chakula, banda na kazi. Maskini, alisema, apate walau hayo.

Aliomba pauni 100,000 za kuanzia. Alitaka malazi na karakana mjini, shamba la kuwafunza kazi waliotoka mjini, na makazi ng'ambo kwa watakaotaka kuhama. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi na michango ikamiminika, mingi kutoka kwa watu ambao wasingekanyaga ukumbi wa ibada wa Jeshi hata kwa dawa.

Hapo ndipo Huxley alipoingia. Hakubisha kwamba maskini wapo. Alichohofia ni chombo kilichobeba msaada. Jeshi liliongozwa na mtu mmoja, maofisa wake walikula kiapo cha utii, na hakukuwa na chochote cha kumzuia jenerali, au mrithi wake, kuhamishia mahubiri fedha zilizotolewa kwa ajili ya supu. Aliwakumbusha wasomaji watawa wa Mtakatifu Fransisko, walioanza wakiwa wamejinyima kila kitu na ndani ya vizazi viwili wakabadilika mno. Nani angeapa kwamba Jeshi la 1920 lisingefuata njia hiyo?

Hoja hiyo haikuhusu imani ya Booth kuwa kweli au uongo. Huxley angeweza kumwacha aamini anachotaka. Aliuliza juu ya udhibiti: nani anashika funguo, nani anakagua, na ahadi ya leo inamfungaje kiongozi wa kesho.

Hati iliyotiwa saini jukwaani

Booth angeweza kujibu kwa kupunguza makali ya dini yake. Hakufanya hivyo. Kitabuni alikuwa ameshasema wazi kwamba anatafuta wokovu wa roho, na kwamba kumlisha mtu bila kuubadili moyo wake ni kazi nusu. Baada ya barua za Huxley hakuuacha msimamo huo.

Alichofanya ni kugawa mfuko. Tarehe 30 Januari 1891, mbele ya umati uliokusanyika katika ukumbi wa St James's jijini London, alitia saini hati ya amana. Hati hiyo ilitenga fedha za mradi wa maskini na fedha za kazi ya kiroho ya Jeshi. Michango ya mradi ingekuwa na hesabu zake, ingekaguliwa, na ingetumika kwa maskini peke yao. Jenerali alibaki msimamizi, lakini sasa alikuwa amefungwa na sheria, na mrithi wake pamoja naye.

Manung'uniko hayakuisha, na mwaka 1892 iliundwa kamati huru ya uchunguzi chini ya mwanasheria Sir Henry James. Walipitia vitabu vya hesabu na kutembelea vituo, likiwemo shamba la Hadleigh katika jimbo la Essex, lililonunuliwa kwa fedha za mradi. Matokeo yalimpendeza Booth karibu yote. Fedha zilizochangwa, kamati ilisema, zilitumika kwa madhumuni yaliyotajwa wakati wa kuziomba, isipokuwa zile zilizojenga "kambi" ya Hadleigh.

Katika lugha ya Jeshi la wakati ule, kambi ni ukumbi wa ibada. Kati ya malazi, karakana, mifugo na matofali, kitu pekee kilichotajwa kama mchepuko kilikuwa nyumba ya sala iliyojengwa kwa pesa za mfuko wa maskini. Haikuwa wizi. Waliofanya kazi Hadleigh walihitaji mahali pa kukusanyika jioni, na kwa ofisa wa Jeshi kuwajengea mahali pa kusali kulikuwa sehemu ya kuwasaidia. Kwa mchangiaji kama rafiki wa Huxley kulikuwa kuvuka mpaka. Palepale ndipo mpaka huvukwa hadi leo: tapeli hana haja na mpaka, anayeuvuka ni mtu mwema ambaye haoni tofauti kati ya mikono yake miwili.

Ukumbi wa Jumatatu na ukumbi wa Jumapili

Kosa la Hadleigh hujirudia kwa sura ya kawaida sana. Tuseme dayosisi fulani ina shirika la hisani linaloendesha kliniki katika ukumbi wa kanisa. Kodi ya ukumbi ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Kliniki inautumia saa 40 kwa wiki, ibada na kwaya saa 10. Mfadhili wa kliniki, ambaye si Mkristo, amelipa "gharama za jengo". Mhasibu asiyefikiria mbali ataandika 600,000 zote kwenye mfuko wa kliniki, kwa kuwa ndiko pesa iliko. Hesabu ya haki hufuata matumizi: sehemu 40 kati ya 50 ni za kliniki, yaani shilingi 480,000, na 120,000 zilizobaki hulipwa na sadaka za kanisa.

Mshahara ni mgumu zaidi. Mchungaji anaongoza kliniki siku tatu na anahudumia waumini siku mbili. Akilipwa milioni 1, mfuko wa kliniki unabeba 600,000, na lazima kuwe na daftari la muda linaloonyesha hizo siku tatu. Daftari likikosekana, au likijazwa mwisho wa mwaka kwa kukumbuka, mkaguzi anajua mara moja. Dalili nyingine huonekana hata bila mkaguzi. Kunakuwa na akaunti moja ya benki kwa kila kitu. Stakabadhi ya mchango wa kliniki ina mhuri wa parokia. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya kubeba dawa linaonekana kila Jumapili kwenye mikutano ya injili.

Waislamu wanaijua nidhamu hii kwa njia ya fikihi. Zaka haichanganywi na sadaka ya kawaida, maana Kurani, katika sura ya Tauba, imetaja makundi manane yanayostahili zaka. Shirika kama Islamic Relief, lililoanzishwa Birmingham mwaka 1984, hulazimika kuweka mifuko tofauti kwa sababu ya dini yenyewe, kabla mfadhili wa nje hajauliza. Mtu asiye Mwislamu anayelichangia anaingia mlango mwingine, na mchango wake haugusi hesabu ya zaka. Imani imekuwa sababu ya kutenganisha pesa, tofauti na wengi wanavyodhani kwamba imani huzichanganya.

Chungu na ngao

Wakati London ikibishana juu ya hati, upande wa pili wa dunia ofisa mmoja wa Jeshi alikuwa na shida ndogo zaidi. Mwezi Desemba 1891 Kapteni Joseph McFee alitaka kuwapikia maskini wa San Francisco chakula cha Krismasi na hakuwa na fedha. Alikumbuka chungu alichowahi kukiona bandarini Liverpool, ambamo wapita njia walitupia sarafu. Akaweka cha kwake kwenye kivuko cha feri, akiwaomba watu wasiache chungu kipoe. Desturi hiyo ilienea Marekani nzima, na hadi leo vyungu vyekundu na kengele husimama mbele ya maduka kila msimu wa Krismasi.

Anayetupia dola chunguni haulizwi anasali wapi. Ishara iliyopo juu ya chungu nayo imechaguliwa kwa uangalifu. Jeshi lina alama mbili. Ya kwanza ni nembo ya kanisa, iliyotokana na miaka ya mwanzo, yenye msalaba, herufi S, panga mbili, taji, na kaulimbiu ya Damu na Moto. Damu ni ya Kristo na moto ni wa Roho Mtakatifu. Hii inakaa kwenye kumbi za ibada. Ya pili ni ngao nyekundu yenye jina la Jeshi tu, bila msalaba wala taji, na ndiyo inayoonekana kwenye vyungu, magari ya chakula na matangazo ya kuomba michango.

Mgawanyo huo ulizaa matunda hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia 1917 wanawake wa Jeshi walikaanga maandazi karibu na mstari wa mbele nchini Ufaransa na kuwagawia askari wa Marekani wa kila dhehebu. Vijana hao waliporudi nyumbani, kundi lililokuwa likichekwa kwa kupiga matari barabarani lilikuwa mali ya taifa zima. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba Joan Kroc, mjane wa aliyeijenga McDonald's, ameliachia Jeshi katika wosia wake dola bilioni 1.5 za kujenga vituo vya jamii. Hakuwa mfuasi wa Jeshi. Alivutiwa na kazi yake.

Ngao ina gharama yake pia. Wamarekani wengi wanaochangia hawajui kabisa kwamba Jeshi la Wokovu ni kanisa, lenye maofisa waliowekwa wakfu na washirika wanaoahidi kutokunywa pombe wala kuvuta sigara. Maelezo rasmi ya shirika yanasema waziwazi kwamba kazi yake ni kuhubiri injili na kuhudumia wahitaji bila ubaguzi, lakini mtu hasomi maelezo rasmi akiwa na mifuko ya ununuzi mkononi. Siku itikadi ya kanisa inapoingia kwenye habari, mchangiaji huyo anahisi amefichwa jambo, ingawa jina liliandikwa juu ya chungu muda wote. Usiri na ukimya humwacha katika hali moja.

Panapobomoka ukuta

Kutenga fedha na kutenga alama kunawezekana. Kilicho kigumu ni kumtenga mtumishi. Mfanyakazi ni mtu mmoja, na shirika likitaka aishi imani yake kazini, mfadhili wa nje ataliona hilo kama pesa yake kununua imani.

Jeshi lililijua hili San Francisco, mji uleule wa chungu cha kwanza. Miaka ya 1990 jiji hilo lilipitisha sheria kwamba yeyote mwenye mkataba nalo awape wenza wa wafanyakazi wasiofunga ndoa, wakiwemo wa jinsia moja, mafao sawa na ya wanandoa. Mwaka 1998 Jeshi lilikataa kwa misingi ya imani na kuachia mikataba ya takriban dola milioni 3.5, iliyogharamia huduma kama chakula cha wazee. Novemba 2001 uongozi wa Jeshi wa majimbo ya magharibi ukatangaza kwamba sasa utatoa mafao hayo. Waumini na wafadhili wahafidhina wakaja juu, na kabla mwezi haujaisha uongozi wa taifa ulikuwa umeufuta uamuzi. Katika miaka mitatu Jeshi lilikuwa limewaudhi watu wa pande zote mbili.

New York hali ilikuwa tofauti kidogo. Mwaka 2004 wafanyakazi wa huduma za watoto za Jeshi, zilizolipiwa zaidi na serikali, walilishtaki. Walidai waliambiwa wajaze fomu zinazouliza makanisa waliyosali miaka iliyopita. Kesi ilijikokota miaka kumi. Mwaka 2010 upande wa serikali ulikubali kufuatilia kama walengwa wa huduma wanalazimishiwa dini, na mwaka 2014 sehemu ya ajira ilimalizwa kwa maafikiano.

Mambo hayo mawili yanaonyesha kwamba hati ya 1891 ilijibu nusu tu ya swali. Ilisema pesa iende wapi, haikusema nani anaruhusiwa kuishika njiani. Mashirika yanayoivuka sehemu hii salama huandika mapema nafasi zipi zinahitaji mtu wa imani na kwa nini. Askofu na mhubiri wa shirika wanahitaji. Muuguzi, dereva na mhasibu hawahitaji, na kama shirika linaamini wanahitaji, basi lilipe mishahara yao kutoka mfuko wa waumini, na mfadhili wa nje aambiwe kabla ya kuandika hundi.

Kwa walengwa kanuni ni nyepesi zaidi, na tangu 1994 imo katika kanuni za maadili za mashirika ya misaada ya dharura, zilizoandaliwa pamoja na Msalaba Mwekundu: msaada hautolewi kwa kuangalia dini ya mtu, wala hautumiki kuendeleza msimamo wa kidini. Utekelezaji wake unategemea mambo madogo kama mpangilio wa saa. Sala ikitangulia uji, mwenye njaa hana hiari, atasali. Uji ukitangulia, na sala ikawa chumba cha pili baada ya watu kuruhusiwa kuondoka, anayebaki amebaki kwa hiari yake.

Huku kwetu uso ni mwingine

Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, na Kenya leo ni mojawapo ya nchi zenye wafuasi wake wengi zaidi duniani. Ajabu ni kwamba taswira yake hapa imegeuka. Mmarekani hulijua kama hisani na kushangaa likiwa kanisa. Mkenya wa Kakamega au Bungoma hulijua kama kanisa, kwa sare nyeupe na ngoma za Jumapili, na huenda akashangaa kuambiwa ndilo lililoanzisha shule ya wasioona ya Thika mwaka 1946.

Hivyo kazi ya utambulisho si moja kila mahali. Kule ngao inapaswa kukumbusha kwamba kuna msalaba. Hapa msalaba unaonekana wenyewe, na kinachohitaji kuthibitishwa ni kwamba mtoto wa Kiislamu, au wa wazazi wasio na dini, anapokelewa sawa na mwingine. Kampuni ya simu au mfanyabiashara wa Kihindi wa Nairobi akiombwa mchango wa shule kama hiyo hana shaka kwamba ni ya kanisa. Anachotaka kujua ni nani wamo darasani.

Sheria ya Kenya imejaribu kuweka usawa huo kwenye maandishi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa au jumuiya ya Kiislamu, kazi ya kulea maisha ya kiroho shuleni, lakini inamtaka pia alinde imani za wanafunzi wasio wa dhehebu lake. Migogoro ya hijabu na ya kuhudhuria ibada, iliyofika hadi mahakamani, imeonyesha jinsi vipande hivyo viwili vinavyosukumana.

Bodi ya shirika la aina hii inaweza kujipima kabla ya kuajiri mtu wa matangazo au kuchora nembo mpya. Ichukue shilingi moja ya mchangiaji asiye wa dini yao, iifuatilie tangu ilipoingia benki hadi ilipotoka, na itaje kwa jina kila mahali iliposimama: akaunti, jengo, mshahara, sahani ya mlengwa. Ikikuta ukumbi wa ibada njiani, irudishe fedha kutoka mfuko wa waumini na iandike kwenye taarifa ya mwaka kwamba imerudisha. Taarifa kama hiyo itamshawishi Huxley wa leo kuliko nembo iliyoondolewa msalaba, na muumini mzee aliyeanza kuchangia miaka 30 iliyopita hatakuwa amepoteza chochote.